Mdogo wangu wa darasa la saba anasahau kila kitu akikaa mbele ya Hisabati, na nyumbani wanataka Kilakala tu

BintiWaUluguru · Julai 21, saa 4:10 usiku

Habari za usiku wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu ana miaka 13, yuko darasa la saba hapa Morogoro, na mtihani wa taifa ni Septemba. Mama alisoma Kilakala, sekondari ya wasichana ya vipaji maalumu, akamaliza miaka ya tisini. Nyumba yetu haiko mbali na shule hiyo, kwa hiyo tangu mtoto akiwa darasa la kwanza kila tukipita pale Mama anamwambia, "Kitanda chako kiko humo ndani." Zamani yalikuwa maneno ya furaha. Sasa hivi mtoto akijua tutapita njia ile anaomba abaki nyumbani.

Mtihani wa moko wa mkoa umerudi wiki iliyopita. Kiswahili 43, Kiingereza 40, Maarifa ya Jamii 41, Uraia na Maadili 42, Sayansi na Teknolojia 37, Hisabati 23. Jumla 226 kati ya 300. Hisabati ndiyo iliyotushangaza, maana kwenye daftari anapata. Mimi ndiye ninayemfundisha jioni na nimemwona kwa macho yangu akikokotoa riba na eneo la duara bila kusitasita.

Asubuhi ya moko alitapika mara mbili. Anasema alipofungua karatasi aliona maandishi lakini hayakuingia, kama anasoma lugha ngeni. Mama anamwamsha saa 10 alfajiri, anatoka tuisheni saa 12 jioni, na analala saa 5 usiku. Baba anafanya kazi Dodoma, kila jioni anapiga simu, na salamu yake ya kwanza ni "Leo umepata ngapi?"

Juzi usiku aliniuliza, "Dada, nikipata B nitaishi wapi?" Nilishindwa kumjibu. Naomba mnaofahamu mambo haya mnisaidie: je, hii ni hofu au kweli Hisabati hajui?

---

KakaDuka · Julai 21, saa 4:38 usiku

Pole dada. Mbona 226 ni A hiyo? A inaanzia 201. Mwambie mama yako mtoto ameshafaulu, akafanye sherehe. Mpe pasti pepa za miaka kumi nyuma azimeze zote, Septemba hapo atatoka na 260.

---

Baba_Mapacha · Julai 21, saa 5:02 usiku

Nitasema ambalo wengi hawalipendi. Hofu kidogo ni nzuri. Mimi nililelewa na baba aliyekuwa akisoma ripoti yangu na fimbo iko mezani, na leo nina kazi na nyumba. Watoto wa siku hizi wakiumwa tumbo tu tunaita ugonjwa. Mama yako anajua anachofanya. Kuamka saa 10 tumeamka wote.

---

Mwl_Chaki · Julai 22, saa 12:40 asubuhi

Binti, marahaba. Nafundisha darasa la saba mwaka wa kumi na nne sasa, tena Hisabati. Nianze na KakaDuka ili tusimpotoshe mzazi. A ya 201 ilikuwepo wakati masomo yalikuwa matano na jumla ni 250. Tangu 2021 masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300, na A ya jumla inaanzia 241. B ni 181 hadi 240. Kwa hiyo 226 ni B, na bado alama 15 kufika A. Kuhusu pasti pepa umesema kweli nusu: zinasaidia sana, ila chukua za 2021 kuja huku, kwa sababu muundo ndio huu wa sasa. Maswali 45, arobaini ya kuchagua na matano ya kuandika jibu, kila moja la haya matano lina alama 2.

Sasa swali lako. Kabla hatujasema hofu au hajui, nataka uone fomu yake ya majibu, ile ya OMR. Nenda kwa mwalimu wake wa Hisabati, muombe kwa adabu akuoneshe. Mtoto anayepata 43 Kiswahili na 23 Hisabati huku daftari lake ni zuri, mara nyingi kosa halipo kichwani, lipo kwenye mistari ya ile fomu. Usiangalie alama. Shika karatasi ya maswali, mwambie akuambie majibu aliyokusudia, halafu linganisha na vivuli alivyoweka.

Ukimaliza hilo rudi hapa.

---

MamaWatatu · Julai 22, saa 2:15 asubuhi

Kama unatafuta mwalimu wa tuisheni Morogoro mjini ninaye mmoja mzuri sana, anachukua watoto Jumamosi na Jumapili. Nitumie ujumbe.

---

BintiWaUluguru · Julai 22, saa 2:31 asubuhi

Ahsante Mama, lakini Jumamosi tayari ana tuisheni, na Jumapili baada ya kanisa pia. Mimi natafuta namna ya kumpunguzia.

---

MtuWaNakuru · Julai 22, saa 7:50 mchana

Niko Kenya lakini hii imenigusa. Sisi tulikuwa na KCPE, alama 500, mpaka ule wa mwisho uliofanywa 2023. Nilikuwa nambari moja darasani miaka mitatu mfululizo. Mzee wangu alishaninunulia sanduku la bati na kuandika jina langu kwa rangi nyeupe, tayari kwa shule ya kitaifa, hata kabla sijafanya mtihani. Nililala chumba kimoja na hilo sanduku mwezi mzima. Nilipata 361. Hakunichapa. Hakusema kitu. Alilibeba sanduku akalipeleka stoo, na mpaka leo hatujawahi kuzungumza juu yake. Mimi sasa ni baba, na kile kimya ndicho ninachokikumbuka. Shule niliyoenda ilikuwa shule ya kawaida na nilisoma vizuri tu.

Je, huko kwenu mtoto akikosa hizo shule kubwa anaenda wapi?

---

Mwl_Chaki · Julai 22, saa 2:20 usiku

Ndugu wa Nakuru, pole kwa hilo la sanduku. Swali lako ni zuri, na nadhani mama wa huyu mtoto naye anahitaji kulisikia jibu.

Serikali ina shule saba za vipaji maalumu nchi nzima. Za wavulana ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana. Wasichana wanaoingia kidato cha kwanza wana tatu tu: Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Wanaopanga ni TAMISEMI, na wanapanga kwa alama. Jambo ambalo wazazi hawalioni ni hili: matokeo yanayotoka NECTA yanaonesha herufi peke yake. Mtoto mwenye 242 na mtoto mwenye 290 wote wameandikiwa A, na kwenye simu ya mzazi wanafanana kabisa. Kisha majina ya kidato cha kwanza yanatoka, mmoja anakwenda shule ya vipaji, mwingine shule ya kata, na mzazi wa wa pili anaanza kumtafuta mchawi au kumlaumu mtoto kwamba "umefanya nini na A yako." Nimewaona wazazi wakilia ofisini kwangu, na mtoto amesimama mlangoni anasikiliza, ana A.

Kwa hiyo hata akifika 241, Kilakala haijahakikishwa. Nasema hivi kwa sababu mama anamwambia mtoto kitanda kipo. Hakipo. Kuna ushindani ambao mtoto hawezi kuuendesha hata akifanya kila kitu sawa, na yeye anaubeba kama deni.

Upande wa pili, akipata 121 kwenda juu amefaulu, anastahili kupangiwa sekondari ya serikali. Na mlango wa zile shule kubwa unafunguliwa tena baada ya kidato cha nne, kwa sababu zina kidato cha tano na huko wanachukua watoto kutoka shule zote, za kata zikiwemo, kwa matokeo ya kidato cha nne. Nina wanafunzi wangu wa zamani walioingia kwa mlango huo.

---

Baba_Mapacha · Julai 22, saa 3:05 usiku

Mwalimu, kwa heshima, shule ya kata na Kilakala si sawa na wote tunajua. Maabara, walimu wa Fizikia, bweni. Mtoto wa kike anayetembea kilomita nyingi kila siku kwenda shule ya kata ana hatari zake. Mama akitaka bweni zuri la serikali lisilo na ada, huo si ukatili.

---

Mwl_Chaki · Julai 22, saa 3:22 usiku

Hapo umesema kweli na sitabishana nawe. Tofauti ipo, na mama ana sababu ya kuitaka. Ninachokataa ni mtoto kuamini kwamba akikosa hana pa kuishi.

---

Nesi_wa_Zamu · Julai 23, saa 10:15 alfajiri

Niko zamu ya usiku, nimesoma uzi wote. Binti, lile swali la "nitaishi wapi" ulichukulie kwa uzito. Muulize wazi, ukiwa naye peke yake na bila kumkemea, kama amewahi kutamani asiwepo au kufikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usingoje mtihani uishe: mpelekeni hospitali, na msimwache peke yake. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, na hata wewe mlezi unaweza kupiga ukaelekezwa.

Kuhusu kutapika na maandishi kutoingia: hasingizii. Mwili ukidhani kuna hatari unapeleka nguvu miguuni na moyoni, tumbo linasimama au linageuka, na kichwa kinatafuta pa kukimbilia badala ya kutafuta kanuni ya eneo la duara. Kanuni ipo, ila haifikiki kwa wakati ule. Ndiyo maana nusu saa baada ya kutoka chumbani anakumbuka kila kitu na kulia zaidi.

Sasa piga hesabu ya usingizi wake. Analala saa 5 usiku, anaamka saa 10. Ni saa tano. Mtoto wa miaka 13 anahitaji nane mpaka kumi. Hayo anayosoma saa 10 alfajiri hayakai vizuri, na kila siku anaamka akiwa na hofu zaidi ya jana. Kama kuna kitu kimoja mtakachobadilisha wiki hii, kiwe hiki.

---

BintiWaUluguru · Julai 26, saa 3:45 usiku

Nimerudi. Kwanza, Nesi, nilimuuliza. Alisema hapana, hajawahi kutaka kujidhuru, ila anatamani Septemba iruke tu ije Oktoba. Tulilia wote wawili. Namba nimeiandika ndani ya kabati na nimemwonesha.

Pili, Mwalimu, nilienda shuleni. Fomu niliipata. Swali la 17 lilikuwa la sehemu na lilimshinda, akaliruka. Lakini jibu la 18 alilisiliba kwenye mstari wa 17, la 19 kwenye 18, hivyo hivyo mpaka 33. Alipofika hapo akagundua, akaanza kufuta kwa ufutio, mikono inatetemeka, akachafua fomu, akaacha. Nimekaa naye tukahesabu: alama 11 zimepotea kwa kuhama mstari mmoja. Bila hilo angepata 34 badala ya 23, na jumla 237.

Mama nimemwonesha. Ameangalia ile fomu muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni uzembe." Nimeishiwa maneno.

---

Mwl_Chaki · Julai 26, saa 4:30 usiku

Si uzembe, na mwambie mama ni mwalimu wa Hisabati anayesema. Mtoto aliyetulia huhama mstari mmoja au miwili akagundua. Kuhama mistari kumi na saba ni dalili ya mtoto ambaye macho yako kwenye karatasi na akili iko nyumbani.

Fanya hivi. Chukua karatasi tatu za taifa za Hisabati ambazo hajazifanya. Ya kwanza afanye bila saa, mlango umefungwa. Ya pili, siku nyingine, kwa saa 2 kamili, wewe ukiwa msimamizi. Ya tatu kwa saa 2, lakini mwenye kusimamia awe yule anayemwogopa zaidi. Usimwambie mama kwa nini. Angalia alama zinashukia wapi. Zikishuka kwenye ya pili, tatizo ni muda na tutalishughulikia kwa mazoezi. Zikishuka kwenye ya tatu, utajua mwenyewe.

Na kuanzia leo, kila zoezi lifanywe na fomu. Akiruka swali, aweke alama ndogo kwenye karatasi ya maswali, na kwenye fomu ashike mstari ule kwa kidole cha mkono wa kushoto kabla hajaendelea. Kila akimaliza maswali kumi asimame, asome kwa sauti ya moyoni: "swali la 10, mstari wa 10." Inachukua sekunde chache.

---

Nesi_wa_Zamu · Julai 27, saa 1:10 asubuhi

Ongeza na hili. Kabla ya kufungua karatasi, avute pumzi kwa kuhesabu hadi nne, aitoe polepole kwa kuhesabu hadi sita, mara tano. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Lakini afanye mazoezi kila jioni kuanzia sasa, hata akiwa hana hofu. Akianza siku ya mtihani halitamsaidia.

---

BintiWaUluguru · Agosti 9, saa 4:05 usiku

Majibu ya majaribio matatu. Bila saa, 37. Kwa saa, mimi nikisimamia, 35. Kwa saa, Mama amekaa kwenye kochi anachambua mchele, 28.

Mama hakusema neno lolote saa zile mbili. Alikuwa anachambua mchele tu.

---

KakaDuka · Agosti 9, saa 4:20 usiku

Dah. Basi jibu limepatikana, ni mama.

---

Nesi_wa_Zamu · Agosti 9, saa 4:52 usiku

Tusiharakishe. Karatasi tatu ni chache, na huenda ya tatu ilikuwa ngumu kidogo, au siku hiyo alikuwa amechoka. Na hata kama ni kweli, usimwambie mama kwa namna ya kumshtaki. Atajitetea, na mtoto ndiye atakayelipa.

---

Mwl_Chaki · Agosti 9, saa 5:15 usiku

Nakubaliana na Nesi. Lakini makosa ya ile ya tatu yako wapi? Yako mwanzoni au mwishoni?

---

BintiWaUluguru · Agosti 10, saa 12:20 asubuhi

Mwanzoni. Katika maswali kumi ya kwanza amekosa saba. Ni yale mepesi, kujumlisha na thamani ya tarakimu. Baada ya hapo ametulia.

---

Mwl_Chaki · Agosti 10, saa 1:00 asubuhi

Basi karatasi haikuwa ngumu. Aliyekosa mepesi akapata magumu hakuwa tayari kuanza. Mfundishe asianze na swali la 1. Apitie kurasa zote kwanza, achague maswali matano anayoyaweza hata akiwa usingizini, ayafanye hayo, kila moja kwenye mstari wake. Akishaweka vivuli vitano ndipo arudi mwanzo.

---

BintiWaUluguru · Agosti 18, saa 3:30 usiku

Nilimwonesha Mama karatasi zote tatu bila kusema chochote kuhusu yeye. Nilimuuliza tu, "Mama, hili swali la 4 anajua au hajui?" Akasema anajua. La 6? Anajua. La 7? Hapo akaziweka karatasi mezani, akaenda jikoni.

Kesho yake hakumwamsha saa 10. Alimwacha mpaka saa 11 na nusu. Tuisheni ya Jumapili ameifuta. Kuhusu Kilakala hajabadilika. Jana tena amesema mbele ya wageni kwamba mtoto anaenda pale. Baba nimempigia mimi, nimemuomba akipiga simu amuulize amekula nini. Siku mbili amejaribu, siku ya tatu akarudi kwenye "umepata ngapi."

---

Baba_Mapacha · Agosti 18, saa 4:44 usiku

Nimefuatilia uzi huu kimya. Msimamo wangu kuhusu bidii uko pale pale. Ila leo nimemuuliza mmoja wa mapacha wangu, wako darasa la sita, kama huwa anaumwa tumbo siku ya mtihani. Akasema, "Baba, kila mara." Sikuwa najua. Mwalimu, hili la kuanza na maswali matano naweza kuwafundisha na wao?

---

Mwl_Chaki · Agosti 18, saa 5:01 usiku

Wafundishe. Lakini kwanza kaa nao bila karatasi.

---

BintiWaUluguru · Septemba, siku ya pili ya mtihani, saa 1:40 usiku

Wamemaliza leo, karatasi tatu jana na tatu leo. Hakutapika. Jana asubuhi alikataa uji akanywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, nikaona inatosha. Anasema kwenye Hisabati moyo ulimwenda mbio, akapumua mara tano, msimamizi akamwangalia, akaendelea kupumua. Aliruka maswali matatu na anakumbuka mistari yake: 12, 26 na 38. La 26 hakulipata kabisa, ameliotea.

Mama alikuwa amemsubiri getini na mwamvuli wa jua. Nilijua swali linakuja, na likaja: "Ilikuwaje Hisabati?" Mtoto akajibu, "Nimemaliza, Mama." Mama akafungua mdomo, akafunga, akamshika mkono wakaondoka. Wamepita njia ya chini, ile isiyopita Kilakala. Sijui aliyeichagua ni nani kati yao.

Sasa hivi yuko nje anacheza rede na watoto wa jirani.

---

MtuWaNakuru · Septemba, saa 2:15 usiku

Matokeo yakitoka, tafadhali uwe naye wewe wakati simu inafunguliwa.

---

BintiWaUluguru · Septemba, saa 2:22 usiku

Nitakuwa chuo Dodoma wakati huo. Nimeshamwambia Mama asifungue mpaka nifike nyumbani. Hajakubali bado.